Safari ya Juma Moja: Hesabu Ianze na Nauli ya Kurudi

Likizo ya shule ya mwezi Juni ikaribiapo, wengi wetu tunaofanya kazi mijini huanza kufikiri habari ya kuwapeleka watoto kuwaona wazee. Baba hushika karatasi, akaandika nauli ya kwenda, akaizidisha kwa idadi ya watu, akaongeza chakula kidogo cha njiani, kisha akasema: fedha zinatosha. Ni kweli zinatosha, lakini kwa kwenda tu. Shida ya safari nyingi za jamaa haionekani siku ya kuondoka. Huonekana siku ya tano, pale baba anapomwita shemeji pembeni ya nyumba na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba nauli ya kurudi imepungua.

Juma hili, ndugu msomaji, tuifanye hesabu hiyo pamoja, tangu mlangoni hadi mlangoni. Tuchukue jamaa ya watu watano inayoishi Dar es Salaam: baba, mama, kijana wa miaka 14, binti wa miaka 10 na mtoto wa miaka 3. Wanakwenda Tukuyu kumwona bibi. Wataondoka Jumamosi na kulala Iringa. Jumapili watalala Mbeya. Jumatatu watafika Tukuyu na kukaa kwa bibi usiku tatu. Alhamisi watateremka Mbeya na kulala, na Ijumaa watapanda basi alfajiri kurudi Dar es Salaam. Ni siku saba na usiku sita.

Nauli

Nauli za mabasi ya mikoani hazipangwi kwa kukisia. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, huweka kiwango cha juu kwa kila kilomita. Kiwango kilichotangazwa mwishoni mwa mwaka 2023 kilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita katika basi la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 katika basi la daraja la kati. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kufanya hesabu yako ulizia tangazo la karibuni. Njia ya kukokotoa lakini haibadiliki: chukua kilomita, zidisha kwa kiwango, na utajua kama bei unayotajiwa dirishani ni ya haki.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilomita 830. Kwa kiwango hicho cha daraja la kawaida mtu mmoja hulipa kiasi cha shilingi 40,200; tuandike 41,000. Hadi Iringa ni kilomita 500 hivi, tuandike 24,500, na Iringa hadi Mbeya ni kilomita 330, tuandike 16,000. Hebu jumlisha hizo mbili za mwisho: ni 40,500. Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kuikata safari vipande viwili kunaongeza nauli. Kwa kuwa nauli hufuata kilomita, kuikata safari hakuongezi nauli hata kidogo. Kinachoongezeka ni kitanda, chakula cha jioni na gari la kutoka stendi hadi mahali pa kulala. Tutarudi kwenye jambo hili tutakapotafuta mahali pa kupunguza.

Mtoto wa miaka 3 anaweza kupakatwa katika vipande vifupi, maana mtoto asiyechukua kiti aghalabu hadaiwi nauli. Lakini liulize jambo hilo dirishani kabla ya kulipa, si mlangoni mwa basi. Katika safari ya kurudi, ambayo ni ya kutwa nzima, mama atakayempakata mtoto kwa kilomita 830 atafika akiwa mgonjwa. Kwa hiyo wakati wa kwenda tulipe viti vinne, na wakati wa kurudi tulipe vitano.

Viti vinne hadi Iringa ni shilingi 98,000. Viti vinne Iringa hadi Mbeya ni 64,000. Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita 70 hivi, tuseme 3,500 kwa mtu; kwenda na kurudi kwa watu wanne ni 28,000. Viti vitano Mbeya hadi Dar es Salaam ni 205,000. Jumla ya nauli zote ni shilingi 395,000. Akitokea wa kukushawishi upande daraja la kati wakati wa kurudi, jua kwamba tofauti kwa watu watano ni kama shilingi 77,500. Iweke fedha hiyo akilini, maana sasa hivi tutaikuta mahali pengine.

Safari fupi zinazosahauliwa

Basi halikuchukui mlangoni kwako wala halikufikishi mlangoni kwa bibi. Kituo kikuu cha Dar es Salaam kipo Mbezi Luis tangu mwaka 2021, na kwa mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto hiyo peke yake ni safari. Stendi kuu ya Iringa ipo Igumbilo, chini kando ya barabara kuu, ilhali mji wenyewe upo juu ya mlima. Mwenye watoto watatu na mabegi hawezi kuupanda mlima ule kwa miguu saa kumi na mbili jioni.

Tuzihesabu moja moja, kwa bei za mfano ambazo kila mtu atazibadili kufuatana na mtaa wake. Nyumbani hadi Mbezi, 15,000. Iringa, kutoka stendi kwenda kulala na kurudi stendi alfajiri, 16,000. Mbeya wakati wa kwenda, 10,000. Tukuyu mjini hadi kijijini kwa bibi na kurudi, 12,000. Mbeya wakati wa kurudi, 10,000. Mbezi hadi nyumbani usiku wa Ijumaa, 15,000. Ni safari fupi kumi, na jumla yake ni shilingi 78,000. Angalia sasa: fedha hizi, ambazo baba hakuziandika kabisa katika karatasi yake, ni sawa na gharama ya kuwapandisha watu wote watano daraja la kati kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam.

Malazi

Usiku wa kulipia ni tatu: Iringa mmoja na Mbeya miwili. Watu watano, mmoja wao akiwa kijana wa miaka 14, wanahitaji vyumba viwili. Tukikadiria nyumba ya wageni ya kawaida yenye usafi kwa shilingi 25,000 kila chumba, usiku mmoja ni 50,000 na zote tatu ni 150,000.

Kabla ya kulipa chumba uliza mambo mawili. La kwanza, je, chai ya asubuhi imo ndani ya bei? Chai ya watu watano ikiwa nje ya bei huweza kufikia 10,000 kila asubuhi. La pili, je, maji ya moto yapo? Mwezi Juni nyanda za juu za Kusini zina baridi kali, na anayetoka katika joto la pwani haamini mpaka imkute. Hali kadhalika masweta na soksi nzito. Jamaa isiyobeba masweta hulazimika kuyanunua sokoni siku ya kwanza, tena matano kwa mpigo. Gharama hiyo isiitwe ya dharura. Baridi ya Mbeya katika mwezi Juni inajulikana, na jambo linalojulikana hufungashwa nyumbani.

Chakula

Katika chakula cha safari fedha hupotea zaidi kwenye hoteli za kando ya barabara ambako basi husimama dakika kumi na tano au ishirini. Bei za pale huwa juu kuliko za mjini kwa sababu mteja hana pa kwenda na hana muda wa kuuliza. Dawa yake ni chakula cha nyumbani, ila kiwe kinachostahimili joto la ndani ya basi. Chapati kavu, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, viazi vitamu, njugu na ndizi mbivu hufika jioni vikiwa salama. Wali wenye mchuzi, na hasa chakula kilichoungwa kwa tui la nazi, huchacha kabla ya adhuhuri, na tumbo la mtoto likiharibika barabarani mipango yote huharibika pamoja nalo.

Siku ya kwanza basi tuweke 20,000 za vyakula vya kubeba na 20,000 za chakula cha jioni Iringa. Jumapili, chakula cha mchana na cha jioni Mbeya, 40,000. Jumatatu asubuhi wamekwisha kunywa chai mahali pa kulala. Tuweke 5,000 za vitafunio. Kwa bibi tusiende mikono mitupu, wala tusihesabu kwamba kwa bibi chakula ni bure. Vinywa vitano kwa siku tatu ni mzigo katika jiko la mzee. Tuweke 60,000 za mchele, sukari, mafuta na sabuni, na tuvinunue Tukuyu mjini badala ya kuvibeba kutoka Dar es Salaam, kwa maana mchele wa Kyela unapatikana jirani kabisa. Alhamisi jioni Mbeya, 20,000. Ijumaa njiani, 30,000. Tuongeze 15,000 za maji ya kunywa na vyoo vya kulipia vya stendi. Jumla ya chakula ni shilingi 210,000.

Tujumlishe yote: nauli 395,000, safari fupi 78,000, malazi 150,000, chakula 210,000. Ni shilingi 833,000 ikiwa kila kitu kitakwenda sawasawa. Lakini nani alisafiri juma zima na watoto watatu, kila kitu kikaenda sawasawa?

Akiba ya mambo yasiyotarajiwa

Washauri wengi wa fedha husema, ongeza sehemu moja ya kumi. Sehemu ya kumi ya fedha zetu ni shilingi 83,300. Tuipime akiba hiyo kwa tatizo lenyewe, maana asili pia lina kipimo chake.

Siku ya Ijumaa basi limetoka Mbeya, limepita Makambako, likaharibika. Fundi anasema kifaa kitaletwa kesho. Kwanza, watu watano walale: vyumba viwili, 50,000. Pili, wale jioni na asubuhi: 40,000. Hiyo tayari ni 90,000, na sehemu ya kumi imekwisha kabla hatujasogea hatua moja. Tatu, huenda ikabidi kupanda basi jingine. Zimebaki kilomita 660 hivi, kiasi cha shilingi 32,000 kwa kiti, na kwa viti vitano ni 160,000. Ni kweli mwenye basi la kwanza anapaswa kukushughulikia, na ndiyo maana tiketi haitupwi mpaka umefika nyumbani. Lakini haki inayolipwa juma lijalo haimlazi mtoto kitandani usiku wa leo. Nne, homa ya mtoto: kumwona mganga, kipimo na dawa, tuweke 50,000.

Kwa hiyo akiba ya kweli ya jamaa hii ni 50,000 na 40,000 na 160,000 na 50,000, yaani shilingi 300,000. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: akiba itoshe siku moja mbaya kabisa ya watu wote, pamoja na kuwafikisha nyumbani kutoka katikati ya njia. Mtu anayesafiri peke yake ataweza kujikwamua kwa sehemu ya kumi. Atalala kwenye kiti cha basi na kupanda lori asubuhi. Mama mwenye mtoto wa miaka 3 hawezi.

Safari yote sasa inahitaji shilingi 1,133,000.

Fedha zikipungua, punguza wapi?

Tuseme jamaa hii ina milioni moja tu. Kishawishi cha kwanza ni kukata akiba. Hapo hasha, akiba ndiyo ya mwisho kuguswa. Turudi kwenye lile jambo la kilomita. Tumeona kwamba kulala njiani hakuongezi nauli bali kunaongeza kitanda. Basi tupunguze vitanda.

Wasilale Iringa. Waende moja kwa moja, na badala ya kufika Mbeya mjini washuke Uyole, njia panda ya barabara ya Tukuyu, kabla ya kufika mjini. Walale hapo hapo. Chumba cha Iringa, 50,000, kimeokolewa. Magari ya Igumbilo, 16,000. Chakula cha jioni cha Iringa, 20,000. Na magari ya Mbeya mjini, 10,000. Jumla ni 96,000. Wakati wa kurudi wasilale Mbeya. Yapo mabasi yanayotoka Kyela kwenda Dar es Salaam yakipitia Tukuyu. Wakipanda hapo wanaokoa chumba, 50,000, na magari, 10,000. Watakaa kwa bibi usiku tano badala ya tatu, kwa hiyo zile 20,000 za mchana wa Jumapili na 20,000 za jioni ya Alhamisi zisirudi mfukoni. Zihamie jikoni kwa bibi.

Wameokoa 156,000, na safari sasa ni shilingi 977,000, akiba ikiwa nzima. Gharama yake ni uchovu: kutwa nzima ndani ya basi kwenda, na ndefu zaidi kidogo kurudi. Yapo pia mabasi ya usiku, ambayo yaliruhusiwa tena mwaka 2023 baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi. Hayo huokoa kitanda, ila mwenye watoto wadogo akumbuke kwamba huenda akashushwa stendi saa kumi alfajiri katika baridi tuliyoitaja.

Namna ya kuzitunza

Fedha zote zikikaa katika mfuko mmoja, zote huonekana ni za matumizi. Zigawe sehemu tatu kabla ya kuondoka.

Ya kwanza ni nauli ya kurudi. Inunue tiketi kabla hujatoka Dar es Salaam, kwenye ofisi ya kampuni au kwa simu, yenye jina, tarehe na namba za viti, si kwa mpiga debe anayekufuata getini. Mwisho wa likizo viti hugombewa, na aliyechelewa ama hulala siku ya ziada ama hulipa zaidi ya kiwango.

Ya pili ni akiba. Ikae katika simu ya yule kati ya wazazi wawili ambaye hashiki matumizi ya kila siku, na isiguswe bila wote wawili kukubaliana. Lakini isiwe yote ndani ya simu. Mtandao hukatika, na wakala wa kijijini huweza kukosa fedha taslimu siku unayozihitaji. Toa 60,000, zifungwe penye nguo za mtoto. Ukumbuke vilevile ada ya kutolea fedha. Iweke katika hesabu.

Ya tatu ni matumizi, na hiyo mama au baba aiandike kila jioni kwenye daftari dogo. Katika mpango wetu wa kwanza ipo siku moja ya kuikagua, nayo ni Jumatatu, baada ya kumkabidhi bibi vitu vyake. Tiketi za kurudi zikiwa zimekwisha kulipwa, mkoba wa matumizi uwe na shilingi 152,000 hivi. Kutoka hapo hadi mlangoni Dar es Salaam bado kuna nauli ya kuteremka Mbeya, vyumba viwili, magari manne, na chakula cha jioni na cha njiani. Ikiwa mkobani mna 100,000, basi si bahati mbaya ya mwisho wa safari. Ni habari iliyofika mapema, na njia ya kuitengeneza ipo: mwongeze usiku mmoja kwa bibi, mbadilishe tiketi ikiwezekana ili mpandie basi la Kyela, na kile chumba cha Mbeya kitaziba pengo.

Jambo la mwisho ni la watoto. Wote hutamani vitu madirishani kila basi linaposimama: mahindi ya kuchoma, soda, miwa. Mkatalie kila mmoja mara saba na safari itakuwa kilio. Mkubalie mara saba na chakula chako cha nyumbani kitarudi ndani ya kapu. Wapeni wale wawili wakubwa shilingi 3,000 kila mmoja kwa kila siku ya basi, wajinunulie wenyewe, na zikiisha zimeisha. Fedha hizo zitoke katika zile za chakula cha njiani. Kijana wa miaka 14 aliyewahi kubakiwa na mia tano mkononi kule Ruaha Mbuyuni, huku bado anautaka muwa wa Morogoro, hatamwuliza tena baba yake kwa nini akiba haiguswi.